Kampuni inadaiwa, ofisini hawapo: kisa cha deni na anwani iliyosajiliwa

Hiki kisa ni cha deni la kawaida tu ila kinaonyesha vizuri kitu ambacho watu wengi wanakichanganya, yaani ile anwani ya ofisi ya kampuni unayoikuta kwenye daftari la serikali. Wengi wakishaipata wanadhani wameshapata mahali watu wanapokaa, wakienda wakakuta hakuna mtu wanasema tumetapeliwa, anwani feki. Mara nyingi si feki, ni kwamba inafanya kazi tofauti na waliyoifikiria.

Mwenye kisa ni jamaa yangu anayefanya dizaini ya websaiti na katalogi za bidhaa. Mteja wake alikuwa kampuni ya Uingereza, zile zenye `Ltd` mwisho wa jina, wakakubaliana pauni 6,000, wakatanguliza 2,000, kazi ikaisha, wakaipokea na wakaanza kuitumia kabisa, ila zile 4,000 zilizobaki zikageuka hadithi. Wiki hii tunasubiri mhasibu, wiki ijayo bosi yuko safarini, halafu imeili zikaacha kujibiwa, simu ikawa inaita tu. Kwenye websaiti yao kulikuwa na anwani ya jengo moja la maana London wanayoiita makao makuu, jamaa akatuma barua pale na haikujibiwa. Ndo akanitafuta, maana kazi yangu ni kufuatilia madeni ya biashara, akaniuliza, "Kaka, hawa si wapo kwenye hilo jengo? Nimtume mtu aende?"

Nikamwambia asimtume mtu popote kwanza, anipe namba ya kampuni. Sio jina, namba.

Sababu ni hii. Jina la kwenye websaiti mara nyingi ni jina la biashara tu, la kujiuzia, na sheria haimdai jina la biashara, inamdai mtu, na mtu hapa ni kampuni yenyewe iliyosajiliwa. Kule Uingereza kuna kanuni za mwaka 2015 zinazoilazimisha kampuni iandike kwenye websaiti yake, kwenye barua zake na kwenye fomu za oda jina lake kamili la usajili, namba ya usajili, sehemu ya Uingereza ilikosajiliwa, na anwani ya ofisi iliyosajiliwa. Kawaida utaviona chini kabisa ya ukurasa kwa herufi ndogo ndogo, au kwenye ukurasa wa vigezo na masharti ambao hakuna anayeusoma. Kwa hawa websaiti haikuwa na kitu (hiyo peke yake ni kosa, na mi huwa naihesabu kama dalili), ila ile fomu ya oda waliyomtumia siku ya kwanza ilikuwa na namba pale chini, imekaa kimya inasubiri.

Daftari lenyewe linashikwa na Companies House, yaani ofisi ya msajili wa makampuni wa Uingereza, na kulitafuta ni bure, huhitaji akaunti, unaingia `find-and-update.company-information.service.gov.uk` unaandika namba. Namba ina herufi na tarakimu 8. Za England na Wales ni tarakimu tupu, za Scotland zinaanza na `SC`, za Ireland ya Kaskazini zinaanza na `NI`. Kwa kampuni za zamani namba inaanza na sifuri na watu wanapenda kuiacha wakiandika kwenye karatasi zao, kwa hiyo ukiona zipo 7 tu usikate tamaa, weka 0 mbele, na hii ya jamaa ilikuwa hivyo hivyo.

Tungetafuta kwa jina tungeingia chaka. Zilitoka kampuni mbili zenye jina karibu sawa, wakurugenzi walewale, moja ndo iliyofanya biashara naye na nyingine ni ya kushikilia mali, na ile ya mali ndo ilikuwa inatokea juu. Ukimpelekea madai huyo wa pili unajibiwa kwa adabu kabisa kwamba wewe hutudai wala sisi hatukukuagiza kitu, na wako sahihi, maana kila kampuni ni mtu wake. Namba haina pacha.

Ukifungua ukurasa wa kampuni unakuta `Registered office address` pale juu kabisa, hiyo ndo anwani ya ofisi iliyosajiliwa, na chini yake `Company status`. Mtu ana haraka anakopi anwani anaondoka, ila hiyo hali ya kampuni ni ya kuisoma kabla ya anwani, maana ikisema `Dissolved` hapo unamwandikia marehemu, na ikisema `Liquidation` basi kuna mfilisi na madai yanaenda kwake. Ya jamaa ilisema `Active`. Na anwani haikuwa ya London kabisa, ilikuwa ya mji mwingine, mtaa wa kawaida, ghorofa ya kwanza.

Hapo nikafanya vitu viwili ambavyo nakushauri na wewe uvifanye kabla hujatuma chochote. Kwanza nikafungua `Filing history`, ile historia ya nyaraka walizowahi kupeleka, nikatafuta mistari inayosema anwani imebadilishwa kutoka fulani kwenda fulani, fomu yake inaitwa `AD01`. Kampuni inayohama anwani mara moja kwa miaka kadhaa haina shida, ila inayohama kila baada ya miezi michache na hasa inayohama muda uleule deni lako lilipoiva, hiyo iangalie kwa jicho la pembeni. Ya hawa ilikuwa imetulia. Pili nikaenda kwenye utafutaji wa kina, ule wa `Advanced company search`, ambao unakuruhusu kutafuta kwa anwani badala ya jina, nikaweka ule mtaa na namba ya jengo, zikamwagika kampuni nyingi sana, za usafi, za ushauri, za magari, zote ziko ghorofa moja. Sasa hapo huhitaji mtu akuambie, hiyo ni ofisi ya wahasibu, au ya wale wanaouza huduma ya anwani.

Jamaa kuona hivyo akachemka. "Si nilikwambia ni kampuni ya mkobani!"

Inaweza kuwa, lakini hiyo sio ushahidi. Kampuni nzima halali inaweza kusajili ofisi yake kwa mhasibu wake na kufanyia kazi godauni lililo maili 200 kutoka hapo, sheria haikatazi. Sheria haijasema ofisi iliyosajiliwa iwe mahali ambapo biashara inafanyika, ambapo bosi anakaa, wala ambapo mali ipo. Kifungu cha 86 cha Sheria ya Makampuni ya 2006 kilikuwa kinataka kampuni iwe muda wote na ofisi iliyosajiliwa ambayo mawasiliano na notisi zote zinaweza kupelekwa, basi. Zamani kilikuwa kilegevu sana, watu wakawa wanaweka hadi sanduku la posta, ila tangu tarehe 4 Machi 2024 kimekazwa na anwani lazima iwe inayofaa, na maana yake imeandikwa kabisa: nyaraka ikipelekwa pale kwa mkono au kwa posta itegemewe kwamba itamfikia mtu anayeiwakilisha kampuni, na upokeaji wake uweze kurekodiwa kwa kuthibitisha kwamba imepokelewa. Mhasibu mwenye mapokezi anakidhi hayo. Sanduku la posta halikidhi.

Na kuna kitu kimoja zaidi cha kukiweka akilini kuhusu hilo daftari. Kwa miaka mingi lilikuwa linapokea unachoandika, kampuni ikisema ofisi yetu ni hapa inaandikwa hapa, hakuna anayekwenda kugonga mlango. Siku hizi msajili amepewa meno ya kuhoji na kukataa, lakini bado ukisoma anwani pale usome hivi: hii ndo anwani ambayo kampuni imeitangaza na sheria itaibana nayo. Usisome kwamba serikali imekuthibitishia wapo.

Jamaa akapiga simu pale (namba ya wahasibu ipo gugo, wala haikuwa siri). Dada wa mapokezi akamjibu vizuri tu, "Hao hawapo hapa ndugu, sisi tulikuwa wahasibu wao na tumeshaachana nao, usitume barua zao hapa."

Hapa ndo watu wengi wanarudi nyuma, na hapa ndo kisa kinaponoga.

Kuachana kwao na mhasibu ni mambo yao. Ofisi iliyosajiliwa inabaki pale ilipo mpaka badiliko lisajiliwe kwenye daftari, haihami kwa sababu mkataba umeisha au dada wa mapokezi amekasirika. Mwenye jengo asiyewataka ana njia yake, anapeleka ombi kwa msajili kwa fomu ya `RP07` kwamba hii anwani inatumiwa bila idhini, na msajili akiridhika anaihamishia kampuni kwenye anwani ya msajili mwenyewe, ile ya PO Box 4385, Cardiff, kisha kampuni inapewa siku 28 ilete anwani ya kweli na ushahidi, isipoleta inaweza kufutwa. Kwa hiyo ukikuta kampuni imeandikiwa hiyo PO Box 4385 ujue haikuichagua, imewekwa pale, na ni ishara mbaya. Ila wale wahasibu walikuwa hawajafanya hivyo, na mpaka wafanye, barua ya jamaa ilikuwa na haki yote ya kwenda kwao.

Maana kifungu cha 1139 kinasema wazi kwamba nyaraka inaweza kufikishwa kwa kampuni kwa kuiacha kwenye ofisi yake iliyosajiliwa au kuituma pale kwa posta. Hakisemi mpaka mkurugenzi aisome. Hakisemi mpaka aliyepokea awe mfanyakazi wa kampuni. Na kuna Sheria ya Tafsiri ya 1978 inayoongezea kwamba ukiandika anwani sawasawa, ukalipia stempu na ukaposti, inachukuliwa imefika kwa muda ambao barua kama hiyo hufika kwa kawaida, isipokuwa ikithibitishwa vinginevyo. Sasa hayo maneno ya mwisho usiyaruke. Barua ikirudishwa kwako na posta ikiwa na mhuri kwamba haikupokelewa, hapo vinginevyo imeshathibitishwa na umeishika mkononi mwako.

Ndo maana barua ya kusaini peke yake ni mtego. Watu wanaona ndo salama zaidi, kumbe mpokeaji akikataa kusaini inarudi, na ushahidi wako unakugeukia. Wakili aliyeshika kesi ya jamaa kule alituma barua ya madai kwa posta ya kawaida ya haraka akachukua risiti ya kuposti pale kaunta, na nakala nyingine akaituma ya kusaini, na bahati nzuri yule dada ambaye alisema msitume hapa alisaini. Kusaini kwake kulikuwa na thamani kuliko imeili zote zilizowahi kutumwa. Barua iliwapa siku 14 za kulipa, ikaambatanishwa na invoisi, fomu ya oda na ile imeili waliyosema kazi imewapendeza.

Kimya. Madai yakafunguliwa mahakamani mwishoni mwa Mei.

Sasa sikia. Wakati wa kupeleka hati za mahakama, wakili aliziposti tarehe 9 Juni kwenye anwani ileile ya wahasibu, zikafika tarehe 11. Baadae kidogo akafungua daftari akakuta mstari mpya: kampuni ilishapeleka badiliko na limesajiliwa tarehe 3 Juni, ofisi iliyosajiliwa sasa ni sehemu moja ya kukodisha anwani London. Yaani hati zimeenda kwenye anwani ambayo siku ya kuposti ilikuwa sio anwani yao tena. Jamaa alinitumia skrinshoti na neno moja tu, "Tumeisha".

Hatujaisha. Kifungu cha 87 ndo kimeandikwa kwa ajili ya huu mchezo. Badiliko la anwani linaanza kufanya kazi siku linaposajiliwa, sio siku kampuni iliposaini wala siku ilipohamisha meza, lakini kwa siku 14 zinazoanza na siku hiyo ya kusajiliwa, mtu bado anaweza kufikisha nyaraka kihalali kwenye anwani ya zamani. Hesabu inaanza na siku yenyewe, kwa hiyo tarehe 3 ni siku ya kwanza na ya 14 ni tarehe 16 Juni. Nyaraka iliyofika tarehe 11 iko ndani. Ingefika tarehe 17 ingekuwa hadithi nyingine na ingebidi kuanza upya kwenye anwani mpya. Wakili, ambaye ni mtu mwoga kwa namna nzuri, akatuma seti nyingine London vilevile.

Hizi siku 14 ni za Uingereza, nchi nyingine zenye mfumo wa kampuni wa asili hiyo zina ofisi iliyosajiliwa pia ila siku na fomu zao ni zao, usizihamishe kichwa kichwa. Na hata kwa Uingereza ningekuwa mimi nisingezitegemea, ningefungua daftari asubuhi ya siku ya kuposti, nikachapa ule ukurasa ukiwa na tarehe. Kuna na kitufe cha `Follow this company` pale kwenye ukurasa wa kampuni, unajiandikisha, kila wakipeleka nyaraka yoyote unapata imeili. Tulikiwasha siku hiyohiyo, na kilikuja kutuokoa mbele.

Kampuni ilikuwa na siku 14 za kujibu madai tangu kufikishiwa, haikujibu, mahakama ikatoa hukumu kwa sababu ya kutokujibu: pauni 4,000 na riba na gharama. Na kama kawaida, hukumu ilipotoka ndo mkurugenzi akafufuka. Akaandika imeili ndefu ya hasira kwamba hawajawahi kupata karatasi yoyote, wahasibu hawakuwapa, wataenda kuifuta hiyo hukumu.

Hapa ndo utaona uzito wa hiyo anwani. Mahakama kule ina mlango wa kufuta hukumu kama hii kwa namna mbili. Kama ilitolewa wakati masharti hayajatimia, mfano nyaraka hazikufikishwa kihalali na muda wa kujibu haujaanza kuhesabika, hakimu hana hiari, lazima aifute. Ila kama zilifikishwa kihalali, inabaki hiari yake, na mwenye kulalamika lazima aonyeshe ana utetezi wenye uhai wa kweli au sababu nyingine nzito, na awe amewahi kuja. Sasa kwa kuwa hati zilifika kwenye anwani ya zamani iliyosajiliwa ndani ya zile siku 14, mlango wa kwanza ulifungwa. "Wahasibu hawakutupa" sio jibu la kisheria, ni ugomvi wao na wahasibu. Kikabaki kile cha pili, una utetezi gani? Na mtu aliyeandika kwa mkono wake kwamba kazi imempendeza, na katalogi anaitumia mpaka leo, atasema nini. Hawakwenda mahakamani.

Lakini hawakulipa pia.

Jamaa alitaka madalali wa mahakama waende wakakamate mali, na swali lake la kwanza likawa waende wapi. Na mi hapa ndo nilimpa habari mbaya. Anwani iliyosajiliwa ilishampa kila kitu ilichokuwa nacho cha kumpa. Madalali wakienda kwa wahasibu watakuta kompyuta za wahasibu, wakienda ile sehemu ya kukodisha anwani watakuta kabati la barua na mtu wa mapokezi mwenye tabasamu, hakuna hata kiti cha mdaiwa. Mali ya kampuni inakamatwa ilipo mali ya kampuni, na daftari halisemi iko wapi. Kwenye daftari kuna sehemu ya wakurugenzi pia, `People`, ina anwani ya kila mmoja ya mawasiliano, ila nayo ni ya kufikishia barua tu, nyumbani kwao kunafichwa kisheria, na kwa hawa ilikuwa ileile ya wahasibu. Lile jengo la London la kwenye websaiti wakili alimtuma mtu, kumbe walishawahi kukodi meza pale na wameondoka kitambo.

Kuna silaha moja ambayo inarudi tena kwenye ofisi iliyosajiliwa nayo ni notisi ya kisheria ya kudai kabla ya kuomba kampuni ifilisiwe. Deni likizidi pauni 750 unaweza kuiachia kampuni madai ya maandishi yenye fomu maalum, na ikikaa wiki 3 bila kulipa inahesabika imeshindwa kulipa madeni yake. Ila angalia, sheria ya ufilisi yenyewe inasema kuiacha kwenye ofisi iliyosajiliwa, haitaji posta kama ile ya 1139, kwa hiyo anatafutwa mtu anaipeleka kwa mkono na kuandika kiapo ameiacha lini na wapi. Wakili aliiweka mezani, jamaa akaikataa, kwa sababu kufilisi kampuni ni gharama na ukishaifilisi unapanga foleni na wadai wengine. Nadhani aliamua vizuri kwa deni la ukubwa ule.

Wakati tunabishana hayo ikaingia imeili ya kile kitufe. Kampuni imepeleka `DS01`, ombi la kujifuta yenyewe kwenye daftari. Mtu anayejua mchezo anafanya hivi: anahamisha anwani, ananyamaza, kisha anaiua kampuni kimya kimya, na mdai akija kustuka hakuna wa kumdai mpaka aende mahakamani kuifufua. Ombi likishatangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali inapita miezi 2 ndo kampuni inafutwa, na mkurugenzi anatakiwa ndani ya siku 7 tangu kupeleka ombi awape nakala wadai wote. Jamaa hakupewa kitu. Ila hakuhitaji kupewa, aliona siku ileile ilipoandikwa, akapeleka pingamizi mtandaoni kwa msajili akiambatanisha hukumu, na ule mchakato ukasimamishwa. Nakwambia ukweli, kama angekuwa anasubiri barua iende ikamkute kwake, kampuni ingeshazikwa.

Hela yenyewe ilipatikana kwa mlango ambao hauhusiani na anwani yoyote. Nilimuuliza jamaa, zile 2,000 za mwanzo zilitoka benki gani? Akaenda kutafuta kwenye steitimenti yake, jina la benki likawepo, na tarakimu za mwisho za akaunti ya mtumaji. Wakili akaomba amri ya mahakama dhidi ya benki, ile inayozuia kwanza kilichomo kwenye akaunti ya mdaiwa halafu baada ya kusikilizwa benki inamlipa mdai moja kwa moja. Akaunti ilikuwa na kama pauni 3,100 siku ilipozuiwa. Kama hilo jina la benki lisingekuwepo ingebidi kumwita mkurugenzi mahakamani akaulizwe kwa kiapo mali za kampuni ziko wapi, na amri hiyo kwa kawaida inatakiwa akabidhiwe yeye mwenyewe mkononi, kuiacha kwenye ofisi iliyosajiliwa hakutoshi, kwa hiyo tungerudi kwenye swali lile la mwanzo kabisa la jamaa, hawa watu wako wapi.

Zilizobaki bado anazidai. Kampuni bado iko `Active`, anwani ni ileile ya kukodi London, na kila mwezi kile kitufe kinamletea kitu cha kusoma.